Kugawa kazi za nyumbani bila kumwelemea binti: anza na daftari la siku saba

Usiku mmoja wa mwezi wa tano nilimkuta binti yangu wa kwanza amelala juu ya daftari la hisabati. Ilikuwa saa 4 na robo. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja kwa maji ya sabuni, na swali la pili lilikuwa limeishia katikati. Alikuwa na miaka 13, yuko darasa la saba. Mdogo wake wa kiume, miaka 11, alimaliza kazi zake za shule saa 2 na wakati huo alikuwa usingizini.

Nilikuwa najua dada yake anafanya kazi nyingi kuliko yeye. Sikujua ni nyingi kiasi gani, na sikujua kwamba anayemtuma muda wote ni mimi. Ninayoandika hapa ndiyo tuliyoyafanya nyumbani kwetu Morogoro, tukiwa na watoto wanne: huyo binti wa 13, kaka yake wa 11, binti wa 8 na kitinda mimba wa kiume wa miaka 5. Maji tunachota kwa jirani, tunapikia mkaa na gesi, na mimi na baba yao wote tunatoka asubuhi kwenda kazini. Kwako mambo yanaweza kuwa tofauti, lakini hatua ni zilezile.

Hatua ya kwanza: andika siku saba kabla ya kubadili chochote

Ukianza kwa kuandika ratiba mpya utagawa kazi unazozikumbuka tu, na kazi za msichana nyingi hazikumbukwi kwa sababu zinafanyika bila kelele. Chukua daftari la kawaida, uligawe safu tano: nani, kazi gani, alianza saa ngapi, alimaliza saa ngapi, nani alimtuma. Liweke jikoni pamoja na kalamu iliyofungwa kwa kamba. Waambie watoto wenyewe waandike, na wadogo uwaandikie wewe. Waeleze kwamba hakuna atakayegombezwa kwa kilichoandikwa, la sivyo watapamba.

Andika pia vile vinavyoonekana si kazi: kumvalisha mdogo, kukaa naye akiwa anasinzia, kukimbizwa dukani kununua chumvi, kumkaribisha mgeni maji, kugeuza maharage jikoni huku anasoma. Siku saba zitimie, maana Jumamosi na Jumapili zina sura yake.

Hesabu yetu ilitoka hivi. Siku ya shule binti mkubwa alitumia saa moja nzima asubuhi kuwasha jiko, kuchemsha chai, kufagia uwanja na kumvalisha kitinda mimba. Jioni alikuta vyombo vya mchana, akaenda safari nne za maji, akachambua mboga, akapika nami, akamalizia na vyombo vya usiku: saa 2 na dakika 35. Kwa siku tano hizo ni saa 17 na dakika 55. Ukijumlisha kufua na kudeki Jumamosi, saa 5, na Jumapili saa 2 na dakika 5, unapata saa 25 kwa wiki. Kaka yake alipata saa 4.

Kilichoniumiza zaidi ni mstari wa tatu. Binti wa miaka 8 alikuwa na saa 6 na nusu, yaani tayari alikuwa amempita kaka yake anayemzidi miaka mitatu. Nilidhani dada mkubwa anabeba zaidi kwa sababu ni mkubwa. Daftari likasema anabeba kwa sababu ni msichana. Mwaka 2016 UNICEF ilitoa hesabu ya dunia nzima inayoonyesha jambo hilohilo: wasichana wa miaka 5 hadi 14 hutumia muda mwingi zaidi kwa asilimia 40 kuliko wavulana wa rika lao katika kazi za nyumbani, kuchota maji na kutafuta kuni. Tofauti inaanza na asilimia 30 kwa wenye miaka 5 hadi 9, halafu inafika asilimia 50 kwa wa miaka 10 hadi 14. Inaanza utotoni, ikiwa ndogo, na kila mwaka inaongezeka bila mtu kuamua.

Kuna kipimo kingine cha kushika mkononi unaposoma daftari lako. Shirika la Kazi Duniani na UNICEF huhesabu saa 21 kwa wiki za kazi za nyumbani kuwa mpaka kwa mtoto wa miaka 5 hadi 14. Kuanzia hapo shule inaanza kuathirika. Binti yangu alikuwa amevuka mpaka huo kwa saa 4, ndani ya nyumba ambayo ungeniuliza ningekwambia tunawapenda watoto wote sawa.

Hatua ya pili: tenga kazi zinazongoja na zisizongoja

Hapa ndipo familia nyingi zinakwama hata zikiwa na nia njema. Tunasema, "Wa kiume naye ana kazi zake," na ni kweli anazo: kufyeka majani, kuosha baiskeli ya baba, kupasua kuni, kutengeneza banda la kuku. Lakini ziangalie. Majani yakikaa mpaka wiki ijayo hakuna atakayelala njaa. Baiskeli ikibaki na tope inaendeshwa hivyohivyo. Zote zinangoja, na anayezifanya anachagua saa yake.

Sasa angalia za msichana: chakula cha jioni, vyombo, maji ya kuoga, mtoto anayelia. Hakuna hata moja inayongoja, zinarudi kila siku, na zote zinaangukia kati ya saa 11 jioni na saa 3 usiku, wakati ambao mwanafunzi anatakiwa kuwa na daftari. Kwa hiyo hata ukiwapa kazi nne nne, hujagawa sawa.

Chukua daftari lako na kalamu ya rangi nyingine, uweke alama kwenye kila kazi isiyongoja. Kisha weka sharti moja: kila mtoto aliyefika miaka 7 awe na angalau kazi moja isiyongoja ya kila siku, iwe yake kabisa. Mvulana asiyekuwa na hata moja bado hajaingia kwenye kazi za nyumba, hata kama Jumamosi anatoka jasho kwenye majani.

Hatua ya tatu: punguza kwanza, ndipo ugawe

Nyumba yetu ilikuwa na saa 36 za kazi za watoto kwa wiki. Kuzigawa zote zilivyo kungekuwa kumtwisha mvulana mzigo ambao hata dada yake hakupaswa kuubeba. Tukauliza kwa kila mstari: hii ni ya mtoto kweli, na ni lazima ifanyike?

Saa 4 na nusu zilipotea zenyewe. Kila aliyekula mchana anaosha sahani na kikombe chake papo hapo, baba akiwemo, kwa hiyo hakuna rundo la kumsubiri mtu jioni. Uwanja unafagiliwa siku tatu kwa wiki badala ya saba. Maharage yanachemshwa ya siku mbili, yanaungwa nusu nusu. Saa 9 nyingine tulizichukua sisi wazazi: chai ya asubuhi naipika mimi, mashuka na nguo zetu tunafua wenyewe, na baba yao anabeba madumu manne kwa baiskeli Jumatano na Jumamosi. Zikabaki saa 22 na nusu za kugawa kwa wanne.

Hatua ya nne: ngazi ya umri iwe moja kwa wote

Andika ngazi ya umri bila kutaja jinsia. Mtoto wa miaka 4 hadi 6 anakusanya midoli na viatu, anapeleka nguo chafu kwenye beseni, anamwagia kuku maji akiwa na mkubwa. Wa 7 hadi 9 anafua soksi na nguo zake za ndani, anafagia chumba, anachambua mchele na mboga, anaosha vikombe vya plastiki na sahani nyepesi. Wa 10 hadi 12 anaosha vyombo vyote, anapiga deki, anafua sare yake, na anapika uji, chai na wali, mkubwa akiwa karibu. Kuanzia 13 anaweza kusonga ugali na kupika mlo mzima.

Mambo mawili yanahitaji uangalifu zaidi ya hayo.

La kwanza ni maji. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo dumu la lita 20 likijaa lina zaidi ya kilo 20. Mtoto wa miaka 8 mwenyewe ana kilo kama 25. Mpe kidumu cha mafuta ya kupikia cha lita 5. Wa miaka 11 au 12 anaweza kubeba lita 10 kwa umbali mfupi. Dumu la 20 ni la baiskeli, toroli au mtu mzima. Ukiona mtoto anaegemea upande mmoja anapotembea, au anatua kila hatua chache, punguza ujazo. Kusema kwamba mvulana ana nguvu kwa hiyo abebe 20 ni kosa lilelile kwa upande mwingine: mgongo wa miaka 11 ni wa miaka 11.

La pili ni moto. Jiko la mkaa liwashwe nje na libaki nje hata mvua ikinyesha, maana hewa ya kaboni monoksaidi inayotoka kwenye mkaa haina harufu na inaua ndani ya chumba kilichofungwa. Mtungi wa gesi wenye jiko juu yake uwekwe mahali ambapo kitinda mimba hapiti mbio. Mafuta ya kukaangia hayagusi mtoto chini ya miaka 13, na hata hapo uwepo. Akiungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mpeleke kituo cha afya kama ngozi imetoka malengelenge. Dawa ya meno, unga na mafuta visipakwe.

Hatua ya tano: mfundishe mvulana kana kwamba ndiyo mara ya kwanza, kwa sababu ndiyo

Dada yake alijifunza kuosha vyombo akiwa na miaka 6 kwa kusimama pembeni yangu. Yeye hakuwahi kusimama pale. Ukimpa rundo la vyombo siku ya kwanza ataharibu, utakasirika, na utamwita dada yake amalizie. Nilimfundisha kwa jioni nne: ya kwanza alinitazama, ya pili tuliosha pamoja, ya tatu aliosha nikiwa nimekaa pale, ya nne nilikagua tu mwishoni.

Sufuria ya ugali inaloweshwa maji mara tu chakula kinapopakuliwa, ili ukoko ulainike wakati mnakula. Beseni mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia. Glasi na vikombe vinatangulia, kisha sahani na vijiko, sufuria za mafuta mwisho, maana ukianza na sufuria maji yote yanakuwa na mafuta. Masizi yanatolewa kwa steliwaya na majivu. Maji ya kusuuzia yakibadilika rangi yanamwagwa. Vyombo vinainamishwa kichanjani, havirundikwi vikiwa vimelowa. Kukagua kwenyewe ni rahisi: pitisha kidole nyuma ya sahani, siyo mbele. Kikiteleza, ina mafuta, inarudi kwenye beseni.

Jioni ya nne nilirudisha sahani tano. Aliniangalia, akamwangalia dada yake aliyekuwa ameshasimama tayari kuzichukua. Nikamwambia binti, "Kaa, mwanangu, hizi ni za kaka yako." Alikaa kwa shida, kama mtu aliyeambiwa asipokee mzigo wa mgeni. Ikabidi nimwambie hivyo tena kwa wiki tatu.

Hatua ya sita: ratiba ya zamu za wiki

Zamu za siku moja moja tulizijaribu na zikatushinda. Kila siku kulikuwa na sufuria iliyoachwa na wa jana, na ubishi wa nani aliosha juzi. Zamu ikiwa ya wiki nzima, uchafu unaoacha leo unaukuta mwenyewe kesho. Makabidhiano ni Jumapili jioni, beseni likiwa tupu na kichanja kikiwa kikavu.

Wakubwa wawili wanapishana kwenye zamu mbili. Mwenye jiko anaandaa mboga, anapika pamoja nami na kuzoa majivu. Mwenye vyombo anaosha vya usiku, anafuta meza na kujaza ndoo za jikoni. Kila moja ni dakika 45 hivi kwa siku. Jumamosi kila mmoja anafua nguo zake mwenyewe, na wanagawana kudeki na uwanja. Binti wa 8 ana mchele, sebule, soksi zake na kidumu chake. Kitinda mimba ana kuku na viatu. Jumla ya kwenye karatasi ilikuwa saa 8 na nusu kwa wa 13, kwa sababu anapiga pasi sare za wadogo, saa 8 kwa wa 11, saa 4 na nusu kwa wa 8, na saa 1 na nusu kwa wa 5.

Ongeza vitu viwili ambavyo ratiba nyingi zinasahau. Kimoja ni zamu ya kutumwa. Kila siku mtoto mmoja ndiye anayeitwa kwa dukani, kwa jirani na kwa mgeni aliyepiga hodi. Safu yetu ya "nani alimtuma" ilionyesha kwamba nikihitaji kitu mdomo wangu unatamka jina la binti mkubwa kabla sijafikiri. Sasa natazama karatasi mlangoni kwanza. Giza likishaingia, dukani anaenda mtu mzima.

Cha pili ni muda uliofungwa. Kuanzia saa 1 na nusu hadi saa 3 usiku hatumwi mtoto yeyote. Chakula kinaliwa kabla, vyombo vinaoshwa kabla, na kama tumechelewa kula vyombo vinaloweshwa mpaka asubuhi na nitaviosha mimi.

Yatakayokwamisha

Mvulana ataosha vibaya makusudi ili asirudie kupewa. Dawa yake ni kurudia kazi ileile, kwa sauti ya kawaida, bila kumpa mwingine. Kwetu ilichukua wiki mbili.

Wakubwa watasema. Mama mkwe wangu alipokuja alimkuta mjukuu wake anakuna nazi juu ya mbuzi, akaniita pembeni. "Mwanangu, huyu ni mwanamume. Unamweka jikoni na dada zake wapo?" Nikamjibu, "Mama, naomba unisikilize kidogo. Huyu miaka michache ijayo atapanga chumba mjini. Nataka ale. Na pilau ya harusi ya wifi, Mama, ulisema haijapata kutokea, na wapishi walikuwa wanaume watupu." Akanyamaza, kisha akasema nazi inakunwa kwa kuzungusha, siyo kwa kusukuma, akaketi kumwonyesha. Usibishane na mzee mbele ya mtoto. Mweleze kwa heshima na kazi iendelee.

Baba akikaa na simu wakati wote wanahangaika, mvulana anasoma pale, siyo kwenye karatasi. Nilimwomba baba yao achukue kitu kimoja tu kinachoonekana kila siku, naye akachagua kuandika meza na kuitoa. Ilisaidia kuliko maneno yangu yote.

Siku ambazo binti ana maumivu ya hedhi abadilishane zamu bila kutangaza sababu. Tuliweka utaratibu kwamba yeyote anaweza kuomba kubadilishana mara mbili kwa mwezi bila kuulizwa, kaka akiwemo. Mwenye mtihani wa taifa anapunguziwa kwa mwezi mmoja kabla, na kipimo kiwe sawa kwa msichana na mvulana. Nimeona nyumba ambako mvulana wa darasa la saba anaachiwa asome na msichana wa darasa la saba anaambiwa asome akimaliza.

Na kama unalea mtoto wa ndugu, au una binti wa kazi ambaye umri wake ni sawa na watoto wako, mwandike kwenye daftari hilohilo. Ni rahisi sana kusawazisha kati ya mwanao wa kike na wa kiume kwa kumhamishia mzigo mpwa wako kutoka kijijini. Ratiba itaonekana nzuri, na msichana mmoja atakuwa bado anaamka saa 11 alfajiri. Saa zake zikizidi za watoto wako wa rika lake, hujamaliza kazi.

Pima tena

Baada ya wiki sita rudia daftari kwa siku saba. Kwetu binti mkubwa alitoka na saa 10 na kaka yake saa 7, siyo zile za kwenye karatasi. Tulipofuata mistari tukakuta saa moja na nusu aliyozidi ni ya kumkumbusha kaka yake, kumtafutia steliwaya, kumwamsha. Hiyo ni kazi, na nikaichukua mimi: mvulana akisahau, anayemwita ni mimi au baba yake. Kipimo cha tatu kikatoa saa 9 kwa saa 8. Tofauti ya saa moja kati ya watoto waliopishana miaka miwili naikubali.

Rudia kila shule zinapofunguliwa, Januari na Julai, maana umri unasogea na ngazi inasogea nao. Angalia zaidi Januari ambayo mkubwa wa kike anaondoka kwenda bweni. Nyumba nyingi siku hiyo humkabidhi mdogo wake wa kike karatasi ya dada yake nzima, na mtoto wa miaka 9 anaanza kubeba ya miaka 14. Chana karatasi hiyo, anza tena na daftari jipya, na safu ya kwanza muandike baba.